Alama 3.45 imekuwaje kiwango cha 3: jibu kwa karani wa ghala wa Mtwara

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni karani wa ghala la korosho katika kampuni binafsi hapa Mtwara mjini, huu ni mwaka wangu wa sita. Fomu yangu ya tathmini ina alama tano: 3, 4, 4, 5 na 3. Nikijumlisha na kugawa kwa tano napata 3.8, lakini fomu inasema 3.45 na barua ya nyongeza inasema niko kiwango cha 3. Nimeongezewa asilimia 4, mwenzangu mwenye kiwango hicho hicho ameongezewa 7, na nafasi ya msimamizi wa ghala amepewa mwingine. Nimekutumia fomu, sera ya mishahara na jedwali la mzigo la mwaka mzima. Je, nimeonewa?"

Marahaba, mwanangu. Nimezisoma karatasi zote tatu kwa utulivu, na jedwali la mzigo nimelirudia mara mbili. Hesabu ya fomu ni sahihi, na asilimia 4 uliyopewa imefuata sera ya kampuni kama ilivyoandikwa. Hata hivyo una hoja moja ya haki ambayo hukuiuliza. Lengo lako la kwanza, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, limepimwa kwa namna inayokuhesabia upungufu usiousababisha. Suala la cheo lina njia yake tofauti kabisa, nalo nitalifikia.

Nianze na hiyo 3.8 yako. Ulijumlisha alama tano ukagawa kwa tano, na hiyo ingekuwa sawa endapo kila lengo lingekuwa na thamani moja. Kwenye fomu yako kuna safu nyembamba upande wa kulia wa kila lengo, yenye maandishi madogo yasemayo "uzito". Safu hiyo inaeleza kila lengo linachukua sehemu gani ya mia. Usahihi wa kilo za mzigo umepewa 40, muda wa kupakia malori 15, taarifa ya kila wiki 10, usalama na usafi wa ghala 10, na sehemu ya mwenendo kazini 25. Alama ya kila lengo huzidishwa kwa uzito wake, kisha jumla hugawanywa kwa 100. Kwa hiyo usahihi wa mzigo unatoa 40 mara 3, yaani 120. Upakiaji 15 mara 4, yaani 60. Taarifa 10 mara 4, yaani 40. Usalama 10 mara 5, yaani 50. Na mwenendo 25 mara 3, yaani 75. Jumla ni 345, na ukigawa kwa 100 unapata 3.45.

Unaona sasa kilichotokea. Alama zako nzuri, yaani 4, 4 na 5, zote ziko kwenye malengo madogo ambayo kwa pamoja yana uzito wa 35 tu. Alama zako mbili za 3 zimekaa juu ya 65 iliyobaki. Ile 5 ya usafi wa ghala, ambayo kwa maelezo yako uliihangaikia sana, imekuongezea nusu tu ya alama katika jumla yote. Kila alama moja ya ziada kwenye lengo la kwanza ina thamani ya 0.40, wakati kila alama moja ya ziada kwenye usafi ina thamani ya 0.10. Mfanyakazi anapaswa kuitazama safu hiyo mwezi wa Julai, anapotia saini malengo, kwa sababu ndiyo inayomweleza mwajiri anathamini nini. Ikifika Juni inakuwa inaeleza tu kilichokwisha kutokea.

Ukurasa wa mwisho wa fomu una jedwali la viwango, na hapo ndipo 3.45 inapogeuka kuwa 3. Alama kuanzia 2.50 hadi 3.49 huitwa kiwango cha 3, "amefikia matarajio", na kuanzia 3.50 hadi 4.49 huitwa kiwango cha 4, "amezidi matarajio". Umekosa kiwango cha 4 kwa 0.05. Usikubali mtu akushauri kwamba 3.45 inakadiriwa kuwa 3.5 na 3.5 inakadiriwa kuwa 4. Hilo ni kukadiria mara mbili, na sera yako inasema wazi kuwa alama inasomwa kwa nafasi mbili za desimali bila kukadiriwa.

Umeandika pia kwamba jirani yako mwalimu alikuambia 3 si mbaya, "kwa sababu kwetu 1 ndiyo ya juu". Hakukosea kuhusu fomu aliyoizoea. Katika OPRAS, mfumo wa wazi wa tathmini ulioanza katika utumishi wa umma mwaka 2004, alama 1 ilimaanisha utendaji bora kabisa na 5 ilimaanisha utendaji hafifu sana. Mfumo huo umeachia nafasi PEPMIS, ambao ni wa kielektroniki, lakini mazoea ya kusoma alama kwa mwelekeo ule bado yapo katika nyumba nyingi za watumishi wa umma. Fomu yako inakwenda kinyume chake: 5 ndiyo ya juu. Nimewahi kumwona mtu aliyehamia kampuni binafsi kutoka halmashauri akijipa 1 na 2 katika kila mstari akiamini anajisifu, na hakuna aliyemsahihisha mpaka fomu ilipofika makao makuu.

Sasa tuje kwenye lengo la kwanza. Limeandikwa hivi: "Tofauti kati ya kilo zilizopokelewa na kilo zilizotoka ghalani isizidi asilimia 0.5 kwa mwaka." Chini yake kuna maelezo ya alama: tofauti inayozidi 0.3 lakini isiyozidi 0.5 ni alama 3, inayozidi 0.1 lakini isiyozidi 0.3 ni alama 4, na isiyozidi 0.1 ni alama 5. Jedwali lako linaonyesha ulipokea tani 2,400 na tofauti ya mwaka ikawa tani 11.5, ambayo ni kama asilimia 0.48. Kwa maneno ya lengo lilivyo, msimamizi wako hakuwa na njia nyingine isipokuwa kukupa 3. Sioni chuki ndani ya alama hiyo.

Lakini wewe na mimi ni watu wa Kusini, na tunajua korosho ghafi haikai ghalani bila kubadilika. Inapoteza unyevu, na ikipoteza unyevu inapoteza kilo, hata kama hakuna punje moja iliyoibwa wala gunia moja lililopasuka. Lengo lako halikutenga kilo zilizopotea kwa kukauka na kilo zilizopotea kwa uzembe. Vyote vimehesabiwa kuwa makosa ya karani.

Hesabu yake si ngumu, na nakuomba uifuate, kwa sababu ndiyo moyo wa rufaa yako. Jedwali lako lina safu ya unyevu wakati wa kupokea na safu ya unyevu wakati wa kutoa. Wastani wa kupokea, kwa kuzingatia ukubwa wa kila shehena, ni asilimia 8.6, na wastani wa kutoa ni 8.4. Katika kila kilo 100 ulizopokea, maji yalikuwa kilo 8.6 na sehemu kavu ya korosho ilikuwa kilo 91.4. Ile sehemu kavu haiondoki; kilichopungua ni maji peke yake. Wakati wa kutoa, hizo kilo 91.4 zimekuwa asilimia 91.6 ya mzigo, kwa hiyo mzigo mpya ni 91.4 ukigawa kwa 0.916, yaani kilo 99.78. Kilo 0.22 katika kila 100 zimepotea hewani. Kwa tani 2,400 hiyo ni kama tani 5.2.

Ukitoa tani 5.2 katika tani 11.5 zinabaki tani 6.3, na hizo ni asilimia 0.26 ya mzigo wote. Kwa maelezo yale yale ya fomu, 0.26 iko ndani ya alama 4. Lengo la kwanza likipata 4 linatoa 160 badala ya 120, jumla inakuwa 385, na alama yako inakuwa 3.85. Hicho ni kiwango cha 4, na hakiko kwenye mpaka hata kidogo.

Ili hoja hii isimame, inabidi ujue udhaifu wake kabla kampuni haijakuonyesha. Tofauti ya unyevu tunayoizungumzia haifiki hata robo ya asilimia moja, na kipima unyevu cha mkononi kinaweza kukosea zaidi ya hapo katika kipimo kimoja. Wastani wa vipimo vingi hupunguza makosa ya kubahatisha, kwa sababu kimoja kikizidi kingine kinapungua. Lakini endapo kipima kilichotumika getini wakati wa kupokea ni tofauti na kile kilichotumika wakati wa kutoa, na kimoja kati yake husoma juu siku zote, basi wastani hauwezi kukuokoa. Tafuta kwanza jibu la swali hilo. Kama ni kipima kimoja, na kina karatasi ya kuonyesha lini kilihakikiwa, una hoja imara. Kama ni vipima viwili visivyohakikiwa, usidai alama 4. Dai kwamba lengo lirekebishwe kwa mwaka ujao, na hilo utalipata kwa urahisi zaidi.

Jambo jingine la kuangalia ni shehena moja moja, si wastani peke yake. Nimeona shehena mbili za mwezi Novemba zilizopokelewa zikiwa na unyevu wa chini kabisa na bado zikatoka na upungufu mkubwa. Hizo hazielezeki kwa kukauka. Mkaguzi yeyote atakuuliza kuzihusu, kwa hiyo uwe na maelezo yake tayari, iwe ni magunia yaliyochanika wakati wa kushusha au mizani iliyokuwa na hitilafu siku hiyo. Ukikaa kimya juu ya shehena hizo mbili, watazitumia kuangusha hoja ya mzigo wote uliobaki.

Nasisitiza maandishi kwa sababu nimeumia kwa kukosa maandishi. Nilipokuwa afisa rasilimali watu kijana mkoani Lindi, nilimtathmini mama mmoja aliyesimamia ghala upande wa Nachingwea. Alikuwa hodari, nami nikampa 4 katika malengo makubwa yote mawili, kisha katika nafasi ya ushahidi nikaandika maneno mawili tu: "anafanya vizuri". Fomu zilipofika kwa kamati ya kusawazisha alama, ambayo kazi yake ni kuhakikisha msimamizi mmoja hagawi alama kwa ukarimu kuliko mwingine, waliuliza ushahidi uko wapi. Mimi sikuwepo kwenye kikao na karatasi haikuweza kuzungumza. Alama zake zikashushwa hadi 3 zote mbili. Kosa lile lilikuwa langu, si la kamati, na mama yule alilipa gharama yake katika mshahara wa miezi kumi na miwili. Tangu hapo sijawahi kuandika alama ya 4 bila tarehe, idadi na jina la hati inayothibitisha.

Kwa upande wako kamati haikugusa chochote. Hilo hutambuliwa kwa kulinganisha alama aliyosaini msimamizi na ile iliyo kwenye barua. Zikitofautiana ndipo unapouliza nani alibadilisha na kwa sababu gani. Zako zinafanana.

Sehemu ya mwenendo, yenye uzito wa 25, inanipa wasiwasi wa aina nyingine. Msimamizi ameandika "anahitaji kuboresha mawasiliano" bila mfano hata mmoja, na ukurasa wa mapitio ya nusu mwaka ni mweupe kabisa. Naelewa ulivyobaki mweupe. Mwaka wa tathmini wa kampuni yenu unaanza Julai na kuishia Juni, kwa hiyo mapitio ya kati huangukia Desemba, wakati ambapo malori yamepanga foleni, minada inaendelea, na hakuna msimamizi wa ghala la korosho mwenye saa moja ya kukaa na karani wake. Kisha tathmini kamili hufanyika Juni, ghala likiwa karibu tupu, na anayetathmini anakumbuka zaidi miezi mitatu ya mwisho kuliko ile ya Oktoba hadi Januari ambayo ndiyo kazi yenyewe. Karani aliyesimama kwa miguu msimu mzima anapimwa kwa jinsi alivyoonekana wakati wa ukimya.

Katika alama hiyo ya 3 ya mwenendo sikushauri ukate rufaa. Huna kipimo cha kuipinga, na ukipinga kila kitu hoja yako ya unyevu itaonekana kuwa lawama moja kati ya nyingi. Ninachoshauri ni uombe kwa maandishi kwamba mapitio ya kati yafanyike wiki ya pili ya Februari, msimu unapokuwa umefungwa na kumbukumbu bado ni mbichi, na kwamba neno "mawasiliano" lifafanuliwe kwa vitendo. Je, anamaanisha hukumjulisha mapema lori linapochelewa? Anamaanisha malalamiko ya viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, wanaoleta mzigo? Hayo ni mambo mawili tofauti yanayohitaji marekebisho tofauti.

Tuje kwenye fedha, kwa kuwa najua hilo ndilo lililokuumiza moyo zaidi. Sera ya kampuni yenu haigawi nyongeza kwa alama peke yake. Inatazama pia mshahara wako wa msingi umekaa wapi ndani ya ngazi yako. Ngazi ya karani wa ghala inaanzia shilingi 500,000 na kuishia 900,000, na katikati yake ni 700,000. Wewe unalipwa 780,000, ambayo ni asilimia 111 ya katikati. Mwenzako, kwa maelezo yako, analipwa 560,000, ambayo ni asilimia 80. Jedwali la nyongeza linasema mwenye kiwango cha 3 aliye chini ya asilimia 90 ya katikati anapata 7, aliye kati ya 90 na 110 anapata 5, na aliye juu ya 110 anapata 4. Hivyo wewe umeongezewa shilingi 31,200 na yeye 39,200.

Nafahamu inavyouma kuona mtu aliyekukuta kazini anaongezewa zaidi. Lakini tazama mahali mlipofikia: wewe sasa unalipwa 811,200 na yeye 599,200 kwa kazi ya jina moja. Jedwali la namna hii limekusudiwa kuwainua walio chini haraka na kuwapunguzia kasi walio juu, ili watu wa kazi moja wasiachane sana kimalipo. Kwa maoni yangu ni utaratibu wa haki, ila waajiri wengi hukosea kwa kuuficha, na mfanyakazi anayeona asilimia tupu bila jedwali hufikiri amedharauliwa. Wewe umebahatika kupewa sera. Kwenye ukurasa huo huo utaona mwenye kiwango cha 4 aliye mahali ulipo wewe anapata asilimia 6, yaani shilingi 46,800. Rufaa yako ikikubaliwa, tofauti ni shilingi 15,600 kwa mwezi, sawa na 187,200 kwa mwaka, na hiyo inabaki ndani ya mshahara wa msingi ambao nyongeza za miaka ijayo zitahesabiwa juu yake.

Zingatia pia kwamba umebakiza chini ya shilingi 90,000 kufika kikomo cha ngazi yako. Ukifika 900,000, hata alama ya 5 haitapandisha mshahara wa msingi. Sera inasema utalipwa nyongeza hiyo kama bonasi ya mara moja. Kwa mtu aliye mahali ulipo, kupanda cheo kuna maana kubwa zaidi kwa mfuko wako kuliko asilimia 2 tunayoipigania hapa, kwa hiyo sehemu inayofuata isome kwa makini zaidi.

Katika sera, sharti la alama kwa anayetaka usimamizi wa ghala ni kiwango cha 3 au zaidi kwa miaka miwili mfululizo. Unalo sharti hilo. Kwa hiyo alama zako hazikukuzuia. Kilichokuzuia kiko sehemu ya mwisho ya fomu, inayoitwa "Mapendekezo ya maendeleo ya mfanyakazi", ambayo watu wengi huipita kwa haraka kwa kuwa haina alama. Ina visanduku vitatu: "tayari kwa nafasi ya juu sasa", "tayari baada ya mwaka mmoja", na "anafaa nafasi aliyopo". Msimamizi ametia tiki kisanduku cha tatu. Chini yake kuna mistari minne ambapo mfanyakazi hueleza anataka kuelekea wapi na anahitaji mafunzo gani. Umeiacha mitupu.

Nafasi inapofunguka, watu wa rasilimali watu hawaanzi na alama, kwa sababu alama inaeleza jinsi mtu alivyofanya kazi ya ukarani, na karani hodari si lazima awe msimamizi hodari. Wanaanza na orodha ya waliotiwa tiki kwenye kisanduku cha kwanza na cha pili. Hukuwa kwenye orodha. Aliyeteuliwa, kama ulivyoandika mwenyewe, alikaimu usimamizi kwa wiki tano mwaka jana msimamizi alipokuwa likizo, na alikuwa na barua ya kukaimu. Barua hiyo ni ushahidi wa kazi ya ngazi ya juu iliyokwisha kufanyika, na kwenye jalada la mtu ina nguvu kuliko sifa nyingi za maneno. Ulisema nawe uliwahi kuachiwa funguo za ghala kwa siku kumi, Machi. Je, uliandikiwa? Kama hukuandikiwa, kwa jalada lako siku hizo kumi hazikuwepo. Safari ijayo omba barua kabla ya kupokea funguo.

Umeniuliza mwishoni mwa barua yako kama uende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa hali ilivyo, sioni shauri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007, zinamlinda mfanyakazi anayekabiliwa na kuachishwa kazi kwa madai ya utendaji duni: lazima awe alijua kiwango kinachotakiwa, aelekezwe, na apewe muda wa kutosha wa kujirekebisha. Wewe hujatajwa kuwa na utendaji duni. Ukubwa wa nyongeza ya kila mwaka unatokana na mkataba wako, mkataba wa pamoja kama chama chenu cha wafanyakazi kinao, na sera. Picha ingebadilika endapo tofauti ya malipo au cheo ingetokana na mambo ambayo sheria hiyo inakataza kuyatumia, kama jinsia, kabila, dini, ujauzito au ulemavu. Katika karatasi zako sijaona dalili ya hayo.

Njia yako ni rufaa ya ndani, na sera inakupa siku 14 za kazi tangu ulipopokea barua. Umeniambia zimepita tano. Uliuliza pia kama saini yako kwenye fomu imekufunga, haijakufunga. Maneno yaliyo juu ya mstari wa saini ni "nimesoma na kujadiliwa tathmini hii", wala hayasemi umekubaliana nayo. Hata hivyo nafasi ya "maoni ya mfanyakazi" uliiacha wazi, na kwa sababu hiyo rufaa italazimika kubeba maelezo yote yenyewe.

Iandike ukurasa mmoja, kwa meneja rasilimali watu, nakala kwa msimamizi wako, na kabla ya kuipeleka mwoneshe msimamizi mwenyewe, ili asijisikie umempita. Usitaje asilimia ya mwenzako. Mshahara wake si hoja yako na alikueleza kwa kukuamini. Anza na lengo namba 1 na maneno yake yalivyo kwenye fomu. Kisha eleza: "Naomba tofauti ya tani 11.5 igawanywe katika upungufu unaotokana na unyevu na upungufu mwingine. Kwa kumbukumbu za ghala, wastani wa unyevu ulishuka kutoka asilimia 8.6 hadi 8.4, sawa na takriban tani 5.2. Tofauti inayobaki ni asilimia 0.26, ambayo kwa maelezo ya fomu ni alama 4. Naambatanisha jedwali la shehena zote, karatasi ya uhakiki wa kipima unyevu, na maelezo ya shehena mbili za Novemba ambazo upungufu wake hautokani na unyevu." Aya ya pili iombe lengo la mwaka huu liandikwe upya, kwamba tofauti ya kilo ihesabiwe baada ya kutoa upungufu wa unyevu, na iombe mapitio ya kati yahamishiwe Februari.

Maombi ya kukaimu na mafunzo ya usimamizi yaandike kwenye barua nyingine, wiki mbili baadaye, usiyachanganye na rufaa. Kesho asubuhi, kabla hujaandika lolote, nenda kwa fundi wa mizani umuulize kuhusu kile kipima unyevu cha getini: ni kile kile mlichotumia kutoa mzigo, na karatasi yake ya uhakiki ina tarehe gani. Jibu lake ndilo litakalokuambia uombe alama 4 au uombe marekebisho ya lengo peke yake.